Nina milioni sita na nusu, nataka kufungua saluni: nianze kulipia nini?

*Shikamoo dada. Mimi ni msusi, nasukia nyumbani kwangu Mbagala. Kazi yangu kubwa ni rasta na yeboyebo, na nikipata sehemu nadhani nitaosha na kupaka dawa wateja watatu au wanne kwa siku. Nimedunduliza mpaka nimefikisha 6,500,000.*

*Nimepata fremu ya 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani 900,000, na dipoziti ya mwezi mmoja 150,000. Dalali naye mwezi mmoja, 150,000. Vingine nimeulizia bei: viti vitatu vya pampu 840,000, draya tatu za kukalia 960,000, sinki na kiti chake 450,000, vioo na makabati 600,000, mzigo wa kuanzia (rasta, dawa, shampuu, mafuta) 1,500,000, sofa la wateja 350,000, televisheni 400,000, na leseni nimeweka 200,000. Blodraya na pasi ninazo.*

*Jumla imekuja 6,500,000 kamili. Dalali anasema kuna mtu mwingine anaitolea macho fremu hiyo. Nilipe wiki hii? Na kuna kitu nimesahau?*

*Msusi wa Mbagala*

Marahaba mdogo wangu.

Usilipe wiki hii. Fremu inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini kuna mambo ya kuangalia kabla hujatoa hata shilingi, na orodha yako imemaliza pesa yote kabla hujamhudumia mteja wa kwanza. Tuanze na fremu, kwa sababu ndiyo inayoamua karibu kila kitu kingine kwenye orodha.

Nenda kwanza ofisi ya serikali ya mtaa uulize fremu ile ni ya nani hasa. Anayekuonyesha funguo anaweza kuwa mpangaji kama wewe, au mmoja wa warithi ambao bado hawajaelewana. Angalia pia kama jengo halijaingia kwenye hifadhi ya barabara. Mbagala mmeona wenyewe Barabara ya Kilwa ilivyopanuliwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, na alama ya X nyekundu ukutani si jambo la kupuuza hata kama dalali atakuambia ni ya zamani. Na kama mpangaji anayeondoka anadai kilemba, muulize anakuachia nini. Akikuachia sinki lililounganishwa maji na bomba la kutoa maji machafu, hicho ni kitu chenye thamani, mnaweza kuelewana bei. Akikuachia kuta tupu, huna unachonunua kwake.

Kisha umeme, na hapa naomba usiwe na haraka. Uliza kama fremu ina LUKU yake. Fremu nyingi zimechomolewa kwenye nyumba ya mwenyewe, na mita ni moja. Familia ya mwenye nyumba ikiwa kwenye kundi la matumizi madogo, wananunua yuniti kwa shilingi 100 kabla ya tozo, hadi yuniti 75 kwa mwezi. Ukiingia na draya zako mtapita hapo mapema sana, nyumba nzima itahamia kwenye bei ya kawaida ya takribani 356 kwa yuniti ukijumlisha na tozo, na lawama zote zitakuja kwako. Tupige hesabu ya kwako: draya ya kukalia ya kilowati moja ikifanya kazi saa tatu kwa siku ni yuniti tatu, blodraya ya kilowati mbili ikiwaka jumla ya saa moja ni yuniti mbili, weka moja ya taa, feni na pasi. Ni yuniti sita kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni 156, karibu shilingi 55,000 kwa mwezi. Saluni inaweza kulibeba hilo vizuri. Kisichobebeka ni kuzozana kila wiki na jirani kuhusu nani kamaliza umeme. Taka mita yako, au angalau mita ndogo ya kusoma matumizi yako, na iandikwe kwenye mkataba.

Angalia na nyaya zenyewe. Soketi ya kawaida ya amperi 13 inabeba wati zisizofika 3,000. Blodraya ya wati 2,000 na draya ya wati 1,000 kwenye ekstensheni moja tayari zimegusa ukomo wake, na hapo hujachomeka birika la kuchemshia maji. Dalili utaziona: plagi inakuwa ya moto ukiigusa, soketi inageuka rangi ya kahawia, taa zinafifia blodraya ikiwashwa, unasikia harufu ya plastiki. Mlete fundi umeme aangalie kabla hujalipa pango. Draya iwe na soketi yake inayotoka moja kwa moja kwenye kisanduku cha swichi, na blodraya ya kwake. Umeniuliza umesahau nini: hili ni la kwanza. Weka 200,000.

La pili ni maji. Sinki uliloorodhesha halitakuwa na faida bila maji yenye msukumo na bomba la kuyatoa. Kuosha dawa kichwani kunataka maji mengi yanayotiririka, na mteja mwenye dawa ya nywele hawezi kusubiri maji ya mgao yarudi, kwani ile dawa inaendelea kula nywele na ngozi hadi itolewe yote. Tangi la lita 500 juu ya kichanja, mabomba na fundi, tenga 250,000. Afisa afya atakapokuja kukagua, maji, mahali maji machafu yanakokwenda, choo, hewa na sakafu inayosafishika ndivyo atakavyovitazama. Kwa hiyo pesa hii inakupa huduma na inakufungulia njia ya leseni kwa wakati mmoja.

Sasa mkataba. Usikubali wa miezi sita. Omba wa mwaka mmoja unaolipwa mara mbili, ili asije akakupandishia bei mara tu wateja wanapoizoea sehemu. Dipoziti iandikwe kwenye mstari wake peke yake, kwamba ni dhamana, kiasi gani, na itarudishwa lini ukihama. Ikiandikwa “amelipa 1,050,000” tu, siku ya kuondoka utaambiwa ilikuwa pango. Iandikwe pia kwamba sinki, tangi, vioo na draya ni mali yako na utaondoka navyo. Na mwombe mwezi wa pango uanze kuhesabiwa baada ya matengenezo. Fremu iliyokaa tupu, mwenye nyumba mara nyingi hukubali wiki mbili tatu. Kwako wiki mbili ni 75,000.

Kuna jambo moja linalowashtua wengi wanapofika TRA, na hukuliweka. Mtu anayepanga sehemu kwa ajili ya biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, hiyo ndiyo kodi ya zuio. Inapelekwa ndani ya siku saba baada ya mwezi uliolipa pango kuisha. Kisheria pesa hiyo inatoka kwa mwenye nyumba: kwenye 900,000 wewe unampa 810,000, na 90,000 unampelekea TRA, kisha unampa nakala ya uthibitisho. Lakini wenye nyumba wengi wanataka 900,000 yao mkononi. Akikataa kabisa kukatwa, basi pango halisi la miezi sita ni 1,000,000, maana ukitoa asilimia 10 hapo ndipo inabaki 900,000. Juu yake kuna ushuru wa stempu wa mkataba, asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwa pango la 2,000,000 kwa mwaka ni 20,000, na unalipwa ndani ya siku 30 baada ya kusaini. Ongea naye kabla ya kusaini. Ukishamkabidhi 900,000 zote, ile laki itatoka mfukoni mwako, kwa sababu TRA watakuuliza wewe mpangaji.

Ndiyo maana leseni haiwezi kutangulia fremu, wala fremu haiwezi kulipwa kienyeji. Njia inakwenda hivi. Ukiwa na namba ya NIDA unapata TIN, ambayo haina malipo. Mkataba ukiwa tayari unaupeleka TRA, wanakukadiria kodi ya mapato ya mwaka na unaruhusiwa kuilipa kwa awamu nne. Hapo nenda na daftari lako la kusuka nyumbani, linaloonyesha vichwa ulivyosuka na ulichopokea, kwa sababu asiye na kumbukumbu anakadiriwa kwa macho ya mwingine. Ukimalizana nao unapata hati ya kuonyesha huna deni la kodi, na hiyo ndiyo unayoitumia kuomba leseni ya biashara ya manispaa kupitia mfumo wa TAUSI. Ukitaka kutumia jina lisilo lako kwenye bango, lisajili kwanza BRELA. Leseni inadumu miezi 12 tangu itolewe.

Ada ya leseni inategemea aina ya biashara na eneo, kwa hiyo nenda ofisi ya biashara ya Manispaa ya Temeke uulize ya saluni kwa mtaa wako, na uulize palepale kuhusu bango, taka na ukaguzi wa afya. Malipo yote ya serikali yanapitia namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Anayekuomba pesa taslimu ili “akuharakishie”, usimpe. Nakushauri laki mbili yako uifanye laki tatu, uiweke kwenye akaunti tofauti na ya fundi. Kitu kimoja zaidi: rasta unayomsuka mteja ni sehemu ya huduma, lakini ukipanga kabati la kioo la kuuzia losheni na manukato kwa wapita njia, hilo ni duka la vipodozi, na leseni ya saluni haikutoshi. Liache kwa sasa.

Tukija kwenye vifaa, naona umeandika orodha ya saluni ya mtu mwingine. Wewe ni msusi. Mteja wa rasta anakaa saa nne hadi sita, na anatakiwa akae chini ili wewe usimame au ukae nyuma yake bila kuinua mabega. Kiti cha pampu hata ukikishusha chote bado kiko juu kwa kusuka utosini, na kina mgongo mpana unaokuzuia kufika kisogoni. Utajikuta umekisogeza pembeni na kuchukua kigoda. Nunua kimoja tu, 280,000, kwa ajili ya dawa, kukata na kuseti. Viti vya kawaida vifupi vyenye mto, na vigoda viwili virefu vya wasusi, havitazidi 100,000. Hicho kimoja kikague dukani: kalia, kipandishe, kaa dakika kumi. Kikishuka polepole chenyewe, pampu inavuja.

Draya nazo hesabu kwa vichwa. Kichwa kilichoseti kwa rola kinakaa chini ya draya dakika 40 hadi saa nzima. Wateja wanne kwa siku ni saa nne za kazi za draya moja, na siku yako ya kazi ina saa kumi au zaidi. Wengine utawakausha kwa blodraya uliyonayo. Draya moja inakutosha kuanzia. Zile mbili ulizopanga kuongeza ni 640,000 zilizosimama ukutani Jumatatu hadi Ijumaa.

Vioo na makabati fanya nusu, 300,000: kioo kimoja kikubwa na kabati moja linalofungwa kwa ufunguo. Badala ya sofa, benchi la fundi seremala lenye mito, 100,000. Televisheni iache. Ukiweka muziki au televisheni kwa wateja, saluni inahesabiwa kama sehemu ya biashara inayotumia kazi za wasanii, na kuna ada ya hakimiliki ya kulipia. Ni haki ya wasanii kulipwa, ila si gharama ya kuanza nayo.

Mzigo wa 1,500,000 ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Rasta zina namba za rangi, na wewe unajua kuliko mimi ni zipi zinazotoka: 1, 1B na 2 zinaondoka kila siku, 27, 30, 33 na 99J zinaondoka kwa msimu, na ile rangi iliyopendeza sana Kariakoo inaweza kukaa kwenye kabati mwaka mzima. Kariakoo haiko mbali na Mbagala. Ukiweza kwenda kila wiki, huna sababu ya kulundika mzigo wa miezi mitatu. Chukua rasta za 300,000, theluthi mbili ziwe nyeusi, na rangi nyingine pakiti za kutosha kichwa kimoja kimoja.

Laki tatu nyingine iende kwenye dawa, shampuu, stimingi, mafuta, taulo, glavu na vitana. Dawa nunua kopo dogo. Kopo kubwa linaonekana rahisi ukigawa kwa vichwa, lakini kwa wateja wachache linakaa wazi muda mrefu na ubora unashuka. Na kama ni ile ya kuchanganya na maji yake ya kuiamsha, changanya ya kichwa kimoja, inayobaki mwaga. Usipunguze pesa kwenye shampuu ya kuzimulia dawa. Ziko zinazotoa povu la waridi dawa ikiwa bado imo kichwani, na povu likiwa jeupe unajua imetoka. Hiyo ndiyo nunua hasa kama utakuwa na msaidizi, maana anaona kwa macho badala ya kukisia. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi usiviingize hata kwa mteja anayekuomba “kidogo tu cha uso”. Vimepigwa marufuku, na TBS wakivikuta wanavichukua.

Sasa tujumlishe upya, nikichukulia mwenye nyumba amegoma kukatwa. Pango na kodi yake ya zuio 1,000,000, stempu 20,000, dipoziti 150,000, dalali 150,000: fremu inakula 1,320,000. Umeme na maji 450,000. Kiti cha pampu, viti vya kusukia, draya moja, sinki, vioo na benchi vinafika 1,550,000. Mzigo 600,000. Leseni na ada zake 300,000. Yote ni 4,220,000, na mkononi umebaki na 2,280,000.

Hiyo iliyobaki usiiite faida. Laki tano ni ya kulindia miezi miwili ya mwanzo: umeme, nauli ya Kariakoo, chakula chako, posho ya msaidizi siku ambazo wateja hawajaijua sehemu. Iliyobaki, 1,780,000, iweke pasipofikika kwa urahisi, kwa sababu mwezi wa saba unakuja. Nimeona saluni nyingi nzuri zikifungwa mwezi huo. Zilikuwa na wateja, ila mwenye nyumba amekuja na kudai tena miezi sita kwa mkupuo, na mwenye saluni alikuwa ameishi miezi yote ile kana kwamba halipi pango. Pango lako na kodi yake ya zuio ni karibu 167,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26, ni 6,400 kwa siku. Kila jioni kabla ya kufunga, kabla ya kumlipa msaidizi na kabla ya kununua mboga, tuma 6,500 kwenye akaunti hiyo. Siku usiyoweza kuitoa, iandike kama deni na ulipe Jumamosi.

Daftari hilohilo la jioni litakuambia lini uongeze draya. Kila Jumamosi andika ni wateja wangapi wamekaa na rola kichwani wakisubiri zamu zaidi ya nusu saa. Wakiwa wawili au zaidi kwa Jumamosi nne mfululizo, nunua ya pili, ila kabla ya kuileta mwite tena fundi aongeze soketi.

Kuhusu dalali na huyo mtu mwingine: mwambie uko tayari kulipa, na unasubiri mambo matatu, jibu la serikali ya mtaa, fundi wa umeme kuingia ndani, na mkataba wa mwaka mmoja. Vyote vinaweza kuisha ndani ya siku nne au tano. Mwenye nyumba akikataa fundi asiingie kuangalia nyaya, tafuta fremu nyingine.